Ukurasa unakua kweli, au ni zawadi tu? Hesabu ya kila Jumatatu

Leo tuongee kuhusu wafuasi, ila sio namna ya kuwapata. Tuongee namna ya kuwahesabu. Najua wengi tunajua tu namba iliyopo juu ya ukurasa leo. Ukimuuliza mtu mwezi uliopita ulikuwa na wangapi, anakwambia "kama elfu mbili hivi". Hiyo "kama" ndio inatugharimu hela, hasa kwa sisi tunaogawa zawadi ili watu watufolo, zile tunaziita givawei.

Tatizo la givawei ni hili. Unatangaza jozi tatu za makubazi za bure, masharti ni mtu afolo ukurasa, atagi marafiki watatu, asambaze kwenye stori. Ndani ya siku tatu wanaingia watu mia nne. Unafurahi. Ukichukua simu ukapiga hesabu, unaona ukurasa umekua asilimia ishirini kwa wiki moja. Ukitumia namba hiyo kupanga mzigo, umeshapotea, kwa sababu wale watu hawajaja kwa ajili ya makubazi. Wamekuja kwa ajili ya bure, na wengi ni walewale wanaozunguka kwenye kila shindano, wapo Mwanza, wapo Mbeya, wengine wana akaunti tatu tatu. Ukishamtangaza mshindi wanaanza kuondoka kimyakimya, na wanaobaki wengine hawaulizi bei hata siku moja.

Mimi naendesha duka dogo la makubazi na vikapu hapa Bagamoyo, nauza Instagram na kwenye statasi ya WhatsApp. Mzigo unaenda kwa bodaboda kwa walio karibu, Zinga, Kerege, Mapinga, na wa Dar nawatumia kwa kosta hadi Makumbusho. Hesabu nitakayowaonesha ndio naitumia kila wiki, na inafanyika kwenye daftari la kawaida.

Kwanza, kupiga picha ya wiki

Sisemi lazima skrinshoti, ingawa skrinshoti ni nzuri kwa ushahidi. Nasema uchukue namba ya wafuasi siku moja ile ile, saa ile ile, kila wiki. Mimi ni Jumatatu saa 1 asubuhi, kabla sijaposti kitu chochote. Sababu ya kushika saa ni kwamba wikiendi watu wanakuwa kwenye simu sana. Ukichukua wiki hii Jumamosi asubuhi, wiki ijayo ukachukua Jumapili usiku, umeshaweka siku nane na zaidi ndani ya wiki moja, tena umeingiza wikiendi nzima juu yake. Namba itaonekana imepanda na wewe hujafanya lolote jipya.

Andika namba kamili. Ukurasa ukishavuka elfu kumi Instagram inafupisha, inaandika 12.4K, na hapo mtu mmoja akiongezeka au tisini wakiongezeka inaweza ikabaki 12.4K ile ile. Mwenye ukurasa wa namna hiyo abadilishe akaunti iwe ya biashara, aingie kwenye Insights, pale kwenye wafuasi namba inaonekana yote. Kwa sisi wa chini ya elfu kumi namba ya juu ya ukurasa inatosha.

Kwanini tuandike wenyewe wakati programu ina takwimu zake? Kwa sababu zile takwimu zinakuonesha siku za karibuni tu. Ukitaka kulinganisha Idi ya mwaka huu na ya mwaka jana huzipati tena. Daftari halikufutii kitu.

Kwenye daftari chora safu tano. Ya kwanza tarehe. Ya pili wafuasi. Ya tatu ongezeko, yaani wafuasi wa leo toa wa Jumatatu iliyopita. Ya nne asilimia, yaani hilo ongezeko gawanya kwa wafuasi wa Jumatatu iliyopita, zidisha kwa mia. Ya tano alama. Hii ya tano watu wanaidharau lakini ndio inayookoa. Ukiwa na givawei wiki hiyo andika Z. Ukitangazwa na mtu maarufu, au video ikatembea, andika T kwa tukio. Kama intaneti ilisumbua andika N. Wiki ya kawaida acha wazi.

Chukua mfano wa mwaka 2025. Tarehe 2 Juni ukurasa ulikuwa na wafuasi 1,840. Kuanzia hapo ni hivi:

9 Juni: 1,862, ongezeko 22, asilimia 1.2
16 Juni: 1,879, ongezeko 17, asilimia 0.9
23 Juni: 1,902, ongezeko 23, asilimia 1.2
30 Juni: 1,921, ongezeko 19, asilimia 1.0
7 Julai: 2,330, ongezeko 409, asilimia 21.3 (Z)
14 Julai: 2,451, ongezeko 121, asilimia 5.2 (Z)
21 Julai: 2,318, pungufu 133, asilimia -5.4 (Z)
28 Julai: 2,266, pungufu 52, asilimia -2.2 (Z)
4 Agosti: 2,281, ongezeko 15, asilimia 0.7
11 Agosti: 2,303, ongezeko 22, asilimia 1.0
18 Agosti: 2,324, ongezeko 21, asilimia 0.9
25 Agosti: 2,349, ongezeko 25, asilimia 1.1

Zawadi ilitangazwa Jumamosi ya tarehe 5 Julai, nikiwalenga watu wa Sabasaba, na mshindi akatajwa Jumamosi ya tarehe 12. Angalia vizuri alama za Z. Zipo nne na sio mbili. Wiki mbili za kupanda na wiki mbili za kushuka, zote ni mali ya zawadi. Mtu akiweka alama kwenye zile za kupanda tu, zile za kushuka zitamfanya adhani ukurasa umeingia gundu.

Wastani unadanganya hapa

Sasa kasi ya ukuaji ni ngapi? Wengi tutajumlisha zile asilimia kumi na mbili tugawanye kwa kumi na mbili. Inakuja asilimia 2.2 kwa wiki. Inaonekana nzuri sana. Lakini rudi juu uitafute hiyo 2.2. Haipo. Hakuna hata wiki moja ukurasa ulikua kwa asilimia 2.2 wala karibu yake. Wiki za kawaida zote zinacheza kati ya 0.7 na 1.2. Ile 21.3 peke yake imeuvuta wastani wote juu, kama vile mko kijiweni watu kumi na mbili mnahesabu wastani wa kipato halafu mwenye hoteli ya ufukweni akakaa nanyi.

Dawa ni kutumia namba ya katikati. Unachukua zile asilimia kumi na mbili unazipanga kutoka ndogo hadi kubwa:

-5.4, -2.2, 0.7, 0.9, 0.9, 1.0, 1.0, 1.1, 1.2, 1.2, 5.2, 21.3

Halafu unaweka kidole upande wa kushoto na kingine kulia, unafuta moja moja kila upande mpaka ubaki na za katikati. Zikiwa wiki kumi na mbili zinabaki mbili, unazijumlisha unagawanya kwa mbili. Hapa ni 1.0 na 1.0, kwahiyo jibu ni asilimia 1.0 kwa wiki. Zikiwa wiki kumi na moja inabaki moja tu, hiyo hiyo ndio jibu.

Ona ilichofanya. Ile 21.3 imesukumwa pembeni kabisa na haina nguvu. Hata ingekuwa asilimia 80, namba ya katikati ingebaki 1.0, kwa sababu hatuangalii ile namba ni kubwa kiasi gani, tunaangalia imekaa upande gani wa foleni. Tena zawadi inajisawazisha yenyewe: wiki za kupanda zinakaa kulia, wiki za kushuka zinakaa kushoto, katikati panabaki wiki za kawaida.

Ukitaka kuhakiki, fanya njia ya pili. Futa wiki zote zenye Z, zibaki nane, chukua wastani wa hizo nane. Kwenye mfano wetu unapata asilimia 1.0 vilevile. Njia mbili zikikubaliana lala salama. Zikitofautiana sana, kuna wiki hukuiwekea alama, rudi ukaitafute.

Kwanini basi nisitumie hiyo ya pili tu? Kwa sababu inategemea ukumbuke kuweka alama, na inategemea uamue mwenyewe zawadi imeisha lini. Mtu akiwa anataka ukurasa wake uonekane mzuri atafuta wiki za kushuka ataziacha za kupanda. Namba ya katikati haina upendeleo huo.

Kwa wenye Google Sheets kwenye simu, tarehe ziwe safu A, wafuasi safu B, mstari wa kwanza ni vichwa, na tarehe 2 Juni ikae mstari wa pili. Kwenye C3 na D3 andika hivi halafu vuta chini:

```
=B3-B2
=C3/B2*100
```

Na jibu la katikati:

```
=MEDIAN(D3:D14)
```

Kila Jumatatu mpya unasogeza mbele mstari mmoja, yaani D4 hadi D15, ili ziwe daima wiki kumi na mbili za mwisho. Kumi na mbili ni kama miezi mitatu. Nimeona watu wanatumia wiki nne, sishauri. Ukiwa na wiki nne halafu zawadi moja ikachafua zote nne, kama ilivyotokea Julai hapo juu, hakuna katikati ya kukuokoa.

Tofauti ya 2.2 na 1.0 ni hela

Mtu anaweza kusema asilimia moja ni kitu gani. Twende na mfano. Tarehe 25 Agosti wafuasi ni 2,349. Ukiamini 2.2 kwa wiki, baada ya wiki kumi na mbili unategemea watu 3,050 hivi. Ukiamini 1.0 unategemea kama 2,647. Tofauti ni watu 400 ambao hawapo, na wewe umeshawanunulia ngozi.

Hapo ndipo mimi hesabu hii inaponisaidia. Fundi wangu anataka nimlipe ngozi na soli mapema kabla ya msimu wa mwisho wa mwaka, kwa sababu bei hupanda watu wengi wakianza kuagiza. Mwezi ule alikuwa amejiandaa kunishonea jozi 60, akiniambia, "Dada, nimeona ukurasa wako umejaa watu, safari hii chukua mzigo mkubwa." Nilimjibu kwa daftari. Kabla ya zawadi nilikuwa napata oda 5 hadi 7 kwa wiki, na baada ya zawadi, wafuasi wakiwa wameongezeka zaidi ya mia tatu, oda zilikuwa 5 hadi 7 vilevile. Kasi ya kawaida asilimia 1.0, oda hazijasogea. Nikachukua jozi 35. Wengine mtasema nilikuwa mwoga. Lakini jozi 25 zilizokaa ndani zina gharama, ngozi ya hapa pwani ukiiweka ndani bila hewa inaota ukungu, na mtaji wangu hauruhusu kukaa kwenye boksi.

Kujua zawadi imekulipa au la

Namba ya katikati ina faida nyingine, inakupa msingi wa kupima zawadi yenyewe. Swali sio "zawadi imeleta watu wangapi". Swali ni "ingekuwa sijagawa, leo ningekuwa na wangapi".

Tarehe 30 Juni walikuwa 1,921. Wiki za kawaida zinaleta kama watu 20. Kwahiyo bila zawadi, baada ya wiki nne, tarehe 28 Julai, ukurasa ungekuwa na kama 2,000. Ukweli ulikuwa 2,266. Zawadi imeacha watu 265 hivi. Sio 530 kama ilivyoonekana tarehe 14 Julai, nusu yake tu.

Sasa gharama. Jozi tatu kwa bei yangu ya fundi ni 54,000, kuzisafirisha kwa washindi 6,000, jumla 60,000. Ukigawa kwa 530 unajifariji kila mfuasi kakugharimu shilingi 113. Ukigawa kwa 265 ni shilingi 226. Bado inaweza kuwa bei nzuri kama wananunua. Ndio maana safu ya oda ni muhimu ukae nayo karibu, maana wafuasi ni mlango tu, na mimi mlangoni wameingia wengi, dukani wakabaki walewale.

Usipime mapema. Siku ya kutangaza mshindi ndio siku mbaya kuliko zote ya kupima, namba inakuwa kileleni. Subiri mpaka wiki mbili mfululizo ziwe zimerudi kwenye ongezeko la kawaida. Kwa mfano wetu ni tarehe 11 Agosti, mwezi mzima baada ya mshindi.

Kitu kinachowachanganya wengi baada ya zawadi

Linganisha wiki nne za mwanzo na wiki nne za mwisho kwenye orodha ile. Mwanzo asilimia zilikuwa 1.2, 0.9, 1.2, 1.0. Mwisho ni 0.7, 1.0, 0.9, 1.1. Zimeshuka kidogo. Mtu anasema zawadi imeua ukurasa. Lakini angalia watu wenyewe: mwanzo waliingia 22, 17, 23, 19, mwisho waliingia 15, 22, 21, 25. Ni wale wale, wa mwisho wamezidi kwa wawili. Kilichobadilika ni namba unayogawia. Zamani ulikuwa unagawa kwa 1,900, sasa unagawa kwa 2,300, na kati ya hao wapo 265 wa zawadi ambao hawakutagi, hawakusambazi, hawaleti mtu. Wanakaa chini ya hesabu wanaizito.

Kwahiyo baada ya givawei angalia pia namba ya katikati ya safu ya ongezeko, yaani watu, sio asilimia tu. Kwa wiki zote kumi na mbili inakuja 21 na nusu. Hiyo ndiyo mwendo halisi wa ukurasa: watu kama 21 kwa wiki, kabla na baada. Kwa kurasa ndogo za chini ya wafuasi 200 ningesema achana na asilimia kabisa, maana kwa mtu mwenye wafuasi 100 dada zako watatu wakikufolo ni asilimia tatu. Hesabu watu.

Sio kila mruko ni zawadi

Hapa Bagamoyo TaSUBa wakifanya tamasha lao la kila mwaka, mji unajaa, na mwenye bidhaa za mkono akiposti vizuri anapata watu wengi kwa siku chache. Huo nao ni mruko, na namba ya katikati itausukuma pembeni vilevile. Ni sawa, kwa sababu tamasha halipo kila wiki na huwezi kupanga mzigo wa Februari kwa watu wa tamasha. Ila usiuchukulie kama wa zawadi. Utautambua kwa wiki zinazofuata. Mruko wa zawadi una mkia, wiki mbili tatu za kupungua. Mruko wa watu waliopenda bidhaa haupungui hivyo, unapanda halafu unatulia palepale juu. Ukiona T haijafuatwa na namba za kutoa, chunguza uliposti nini wiki ile, hapo kuna kitu cha kurudia.

Na kushuka nako sio lazima iwe kosa lako. Desemba 2014 Instagram ilifuta akaunti feki kwa mkupuo, kurasa kubwa duniani zikapoteza mamilioni ya wafuasi ndani ya siku chache, ukurasa wa Instagram yenyewe ukiwemo. Ukiona umeshuka ghafla wiki ambayo hukuwa na zawadi, uliza wenzako wawili watatu kabla hujabadilisha mbinu. Kama wote mmeshuka siku moja, andika alama uendelee.

Kuna na wiki za N. Tarehe 12 Mei 2024, ilikuwa Jumapili, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ikawa shida nchi nzima. Mwenye kuchukua namba Jumatatu saa 1 asubuhi alikwama. Hali kama hiyo usikadirie namba kichwani. Acha mstari wazi, chukua Jumatatu inayofuata, toa namba ya mwisho uliyonayo, halafu ongezeko na asilimia uzigawe kwa mbili na kuandika kwenye mistari yote miwili. Sio sahihi kabisa ila inatosha.

Pale njia hii inaposhindwa

Inashindwa kwa mtu anayegawa zawadi kila mwezi. Zawadi moja imechafua wiki nne. Ukigawa kila baada ya wiki nne, wiki zote kumi na mbili zina Z na katikati yenyewe ni Z. Namba itakuja, simu haikatai, lakini haina maana. Kanuni yangu ni rahisi: hesabu alama za Z kwenye wiki kumi na mbili. Zikiwa nne au chini, namba ya katikati naiamini. Zikiwa tano naikagua kwa ile njia ya pili. Zikifika sita siitumii. Mwenye ukurasa huo hajui kasi yake mpaka akae wiki nane hivi bila kugawa kitu, na najua hilo ni gumu kwa mtu aliyezoea kuona namba ikiruka.

Hii inakusaidia pia ukiletewa dili. Siku hizi kuna wanaokuja inboksi wanakwambia tufanye givawei ya pamoja, mimi nina wafuasi elfu tisa, changia laki na nusu. Usibishane naye. Muombe namba zake za Jumatatu kumi na mbili. Asipokuwa nazo, chukua namba yake leo, uichukue tena Jumatatu tatu mfululizo kabla hujajibu, ukurasa wake upo wazi huhitaji ruhusa. Ukikuta anaporomoka watu hamsini hamsini kila wiki, ujue umekuta mkia wa zawadi iliyopita na anatafuta hela ya kuuziba.

Anayeanza leo hana wiki kumi na mbili, najua. Anza na ulizonazo. Wiki ya tano unaweza kutafuta katikati ya kwanza, iandike kwa penseli. Na kama unapanga givawei kwa ajili ya mwisho wa mwaka, kusanya angalau Jumatatu sita safi kabla ya kuitangaza, bila hizo hutakuwa na cha kulinganisha nacho ikishapita.